Bibi harusi hanywi, mashoga zake watatu wanakunywa, na msimamizi ni mimi

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni msimamizi wa bibi harusi. Harusi iko wiki tatu mbele, na kabla yake tunakwenda Paje, Unguja, Ijumaa mpaka Jumapili, kumuaga ujana wake. Tuko kumi pamoja naye. Bibi harusi aliacha pombe miaka miwili iliyopita kwa sababu ya afya na hapendi kulizungumzia. Wawili kati yetu ni Waislamu, mmoja ameokoka, mmoja ana mimba ya miezi mitano, wawili hawana shida na upande wowote. Watatu waliobaki wanapenda kinywaji kweli kweli, na mmoja ameshaandika kwenye kundi kwamba pati bila pombe ni semina ya kina mama.*

*Mwaka jana tulimuaga mwenzetu mwingine, mimi nikiwa mgeni tu. Bili ya baa ilifika 640,000, ikagawanywa kwa wanane sawasawa, nami niliyekunywa soda mbili nikatoa 80,000. Mmoja alitapika kwenye godoro la wenyewe, wawili waligombana hadi leo, na Jumapili tukakaa njia nzima hakuna anayemsemesha mwenzake.*

*Safari hii nimeshalipia boti, gari na nyumba yenye jiko. Zimebaki 900,000 za michango. Je, nipige marufuku pombe? Na nikipiga, usiku mbili hizo tutafanya nini?*

*Msimamizi niliyekwama, Tabata*

Marahaba, mwanangu.

Usipige marufuku. Ukikataza, hao watatu watabeba chupa kwenye mikoba, watakunywa chumbani mlango umefungwa, na kundi litakatika vipande viwili kabla hata hujapika chai. Nimewahi kuona pati ya namna hiyo: sebuleni wamekaa saba wanaangaliana, chumbani kinasikika kicheko cha watatu, na bibi harusi hajui akae wapi. Unachohitaji ni kutenga vitu viwili, mfuko na friji. Mfuko wa michango haununui pombe hata chupa moja, na friji ya nyumba mnayolala haiwekwi pombe. Anayetaka bia ataifuata baa ya ufukweni, kwa pesa yake, katika saa ambayo wewe umeiacha wazi kwa makusudi. Hapo hujamnyima mtu kitu, na bibi harusi hatafungua friji asubuhi kutafuta maziwa akakutana na kitu anachojitahidi kukaa nacho mbali.

Ujumbe wa kundi uandike leo, wala usingoje siku ya safari. Usitaje dini ya mtu, na ugonjwa wa bibi harusi usiuguse kabisa. Ungekuwa mimi ningeandika hivi: "Wapenzi, michango yenu imelipa boti, gari, nyumba, chakula, hina na ngoma. Vinywaji vya baa kila mtu na mfuko wake, na tunavinywea hukohuko baa, nyumbani hatubebi. Jumamosi kuanzia saa 11:30 hadi saa 1 jioni ni saa ya ufukweni, kila mtu afanye apendalo. Saa 1:30 tunakula pamoja." Basi. Maelezo zaidi ya hapo yatazaa mjadala. Huyo wa semina ya kina mama usimjibu kwenye kundi. Mpigie simu, mpe kazi ambayo nitakutajia huko chini.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Kwenye pati, pombe hufanya kazi tatu. Inawalegeza watu wasiofahamiana, inajaza ile nafasi tupu kati ya chakula cha jioni na usingizi, na inampa mtu kisingizio cha kucheza bila aibu. Wanaoandaa pati isiyo na pombe hukosea hapo hapo: wanaondoa chupa, halafu zile kazi tatu hawazikabidhi kwa kitu kingine. Matokeo yake saa 2 usiku kila mtu ameinama kwenye simu. Kwako wewe, hina na kanga zitafanya kazi ya kwanza, bahari itakupangia mchana, na ngoma ya kidumbaki itamaliza mengine.

Anza na bahari, maana Paje ratiba huipanga yeye. Upande ule wa mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali sana, unatembea muda mrefu na bado maji yako magotini. Kwa hiyo hamwezi kuamua tu kwamba mtaogelea asubuhi. Angalia mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, na kwa Unguja bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele, kwa kiasi cha nusu saa hadi saa nzima kasoro. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri, wala hayajai sana wala kupwa sana. Hukunitajia tarehe, hivyo nitachukulia kwamba Ijumaa yenu ni siku ya mwezi mpevu. Ikiwa sivyo, waulize wenye nyumba au mvuvi yeyote wa pale saa za maji za Jumamosi yenu, kisha sogeza ninayoyasema hapa.

Kwa hesabu hiyo, Jumamosi maji yatakuwa yamekupwa kama saa 4:40 asubuhi na yatajaa kama saa 10:40 jioni. Asubuhi hiyo tembeeni kwenye mashamba ya mwani. Mtawakuta kina mama wa kijiji wakiwa kazini kwenye vigingi na kamba zao, kwa sababu kazi ile hufanywa maji yakiwa nje. Vaeni viatu vya kufunga, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambao mtu akiwakanyaga wikiendi yake imeishia hapo. Msiwapige picha wale kina mama bila ruhusa. Na mkiona maji yameanza kurudi, geukeni wakati huohuo, kwa sababu eneo ni bapa na maji hujaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwenye mimba asiende mbali. Kivuli na kiti ufukweni vinamtosha, na asiachwe peke yake.

Mchana laleni. Sisemi kwa utani. Mkitaka kucheza usiku bila kichangamsho, ni lazima mwili uwe umepumzika, nami ningeiandika kwenye ratiba kabisa, saa 7:30 hadi saa 9:30, kulala. Kisha ogeleeni kuanzia saa 10 maji yakipanda, mtoke saa 11:30. Angalia jinsi mambo yanavyofuatana: kuogelea kumekwisha ndipo saa ya baa inafunguka. Aliyekunywa haingii tena majini. Hilo liseme waziwazi, na ndilo sharti pekee ningelisimamia kwa sauti.

Saa na nusu ya baa inatosha bia mbili kwa mtu asiye na pupa, na chakula kinamrudisha nyumbani. Lakini kinamrudisha pale tu ambapo saa 1:30 kipo mezani kweli. Chakula kikichelewa hadi saa 3, wale watatu watabaki baa, na wawili wasio na upande watawafuata. Ukiona saa 1:20 mpishi bado anamenya viazi, toa mishkaki kwanza.

Turudi nyuma, Ijumaa usiku. Huo ndio usiku mgumu kwa sababu watu wanatoka makundi tofauti, wa shule, wa kazini, wa ukoo, na wamechoka na boti. Usiku huo weka hina. Mwenye hina mikono miwili hashiki glasi, hashiki simu wala haendi popote. Anakaa, anazungumza, analishwa tende na jirani yake. Sijaona kitu kinachowafanya wageni wazoeane upesi namna hiyo.

Piga hesabu ya wachoraji mapema. Maua mepesi ya mkono huchukua kama dakika 25 kwa mtu. Mchoraji mmoja kwa watu kumi ni zaidi ya saa nne, mtu wa mwisho anachorwa anasinzia. Chukua wachoraji wawili, mtamaliza kwa saa mbili na kidogo. Kuleni kwanza, nendeni msalani kwanza, ndipo mchorwe.

Hapo nikuonye kuhusu ile inayoitwa hina nyeusi, wengi wanaijua kama piko. Hina ya majani hutoka rangi ya chungwa ikibanduliwa, kisha hukolea kuwa hudhurungi ndani ya siku moja au mbili, na inataka kukaa mkononi saa kadhaa. Mchoraji akikuambia rangi yake ni nyeusi tii na itakolea ndani ya nusu saa, ujue ni rangi ya nywele. Dawa iliyomo huwababua baadhi ya watu, ngozi inavimba malengelenge na wakati mwingine kovu linabaki na umbo la ua lenyewe. Wiki tatu kabla ya harusi usimjaribie bibi harusi jambo hilo. Sema hina nyekundu tupu, na uione ikikorogwa. Kwa siku ya harusi atachorwa upya, hii itakuwa imeshafifia.

Mikono ikiwa imetandazwa, leta mchezo wa kanga. Waambie wote tisa, kuanzia leo, kila mmoja amnunulie bibi harusi doti moja kwa pesa yake, Kariakoo au Darajani mkishuka boti, na kinachochaguliwa ni jina la kanga kuliko rangi. Kanga zote zinawekwa kwenye kikapu zimekunjwa. Zinatolewa moja moja, anayezitoa ni yule ambaye bado hajachorwa, anainua ya kwanza na kuisoma kwa sauti. Bibi harusi anakisia nani kaileta. Akipatia, mletaji anaeleza kwa nini kachagua maneno yale. Akikosea, mletaji anatoa kisa kimoja cha bibi harusi ambacho bwana harusi hakijui. Kanga ya "Wema hauozi" kutoka kwa shoga aliyelipiwa ada na bibi harusi walipokuwa chuoni, hebu fikiria chumba kitakavyokuwa. Na lazima atokee mmoja mwenye kanga ya kijembe, mwache, ndiyo chumvi yenyewe. Kanga tisa kwa mtindo huu ni saa mbili, sawasawa na muda wa wachoraji wako.

Vinywaji vya nyumbani usivipuuze. Ukinunua soda kreti mbili utaona glasi ya pili inaachwa nusu, kwa sababu utamu mtupu unachosha. Bia na mvinyo vina uchungu, ukali na uchachu, ndiyo maana mtu anaburudika navyo taratibu. Tengeneza kinywaji chenye vitu hivyo. Ukwaju nusu kilo uloweke kwenye lita mbili za maji ya moto kwa nusu saa, ukamue, uchuje, utie sukari kama gramu 200 tu na iliki iliyosagwa. Pembeni chemsha robo kilo ya tangawizi iliyoparuzwa kwa lita mbili za maji, na karafuu sita na vijiti viwili vya mdalasini, dakika 15, uchuje, upoe, ndipo ukamulie ndimu. Ndimu ikiingia kwenye moto inakuwa chungu vibaya. Kila mtu achanganye anavyotaka, ukwaju na tangawizi nusu kwa nusu juu ya barafu, na soda maji kwa anayependa mapovu. Barafu igandishwe kwa maji ya chupa. Weka glasi zenye miguu, si vikombe vya plastiki. Mtu anayepokea kitu baridi, kikali, kwenye glasi nzuri, haulizwi mbona hanywi.

Jumamosi usiku ni wa kidumbaki. Kama hujawahi kukiona: ni fidla, vingoma viwili vidogo vya udongo, cherewa za kutikiswa, vijiti vya mkwasa vya kugonganishwa, na sanduku la mbao lenye kamba moja linalofanya kazi ya besi. Ni ndugu yake taarabu, ila taarabu inakaliwa kitini na hiki kinakuinua. Kinaanza polepole, kisha wimbo unafungana na wimbo bila kusimama na mwendo unaongezeka, hadi anayesema hawezi kucheza anajikuta katikati amefunga kanga kiunoni. Unaona, kisingizio cha kucheza kimekuja na ngoma yenyewe. Wapigaji unaweza kuwaulizia kwenye chuo cha muziki cha DCMA, Mji Mkongwe, kilichoanza mwaka 2002, au kwa wenyeji wa Paje, maana kidumbaki hupigwa harusini na kila kijiji kina mtu anayemjua mtu.

Kabla ya kumwita yeyote, fanya mambo mawili. Waulize wale wenzenu wawili Waislamu kama watajisikia huru kucheza mbele ya wapigaji wanaume. Wakisema hapana, ulizia kikundi cha wanawake. Kikikosekana, wekeni taarabu ya kurekodi kwenye spika, funga mapazia, na baki wanawake watupu. Usiwaulize kwenye kundi, watajibu "hamna shida" ilhali shida ipo. Jambo la pili ni sheha. Ngoma ya usiku kijijini mjulishe sheha mapema, kupitia mwenye nyumba, na mkubaliane saa ya kumaliza. Anza saa 2:30, maliza saa 4:30. Saa mbili za kidumbaki cha kweli si kidogo, miguu itakuambia. Ufukweni kaptula na nguo za kuogelea sawa, ila mkikatiza kijijini mjifunge kanga.

Yule wa semina ya kina mama ndiye atakayesimamia usiku huu. Mpe namba ya kiongozi wa kikundi, apatane naye bei na usafiri, achague nyimbo za mwanzo, na awe wa kwanza kuingia uwanjani na bibi harusi. Watu wa aina yake wanaogopa kuchosheka kuliko kukosa bia, na mwenye shughuli mkononi hakai baa hadi saa 3. Akija na chupa kwenye mkoba hata hivyo, usimwaibishe. Mwambie pembeni, "Shoga, ile iache garini, leo nakuhitaji." Akilewa huko baa, mmoja wenu ampeleke alale, maji kando ya kitanda, alale ubavu, na ngoma iendelee. Kosa ni kundi zima kusimama kumzunguka mlevi mmoja.

Laki tisa zako ningezigawa hivi: chakula na vinywaji vya nyumbani 400,000, kidumbaki 250,000, hina 120,000, na 130,000 zikae pembeni bila kutajwa. Bei za hina na ngoma patana kwa simu kabla ya safari na utume kianzio, maana ukifika na wageni kumi wamevaa fulana zinazofanana bei hubadilika yenyewe. Ngoma ikizidi hapo, punguza nyama, usipunguze wachoraji. Akiba ni ya mambo kama gari kuharibika au mtu kukanyaga mwiba. Jumapili asubuhi, ikiwa bado nzima, mfikirie mpishi kwanza.

Na waambie wote wabebe vitambulisho vya boti. Kila safari lazima mmoja akumbuke chake kwenye foleni.